Ngozi ya embe na pera: namna ya kupaka, kukausha na kuhifadhi kwa hali ya hewa ya Dodoma

Kila msimu wa maembe unapoanza napokea maswali yaleyale. Mbona yangu inanata? Mbona imepasukapasuka? Mbona juu imekauka halafu siku ya tatu ikanuka kama togwa? Nimejibu vipande vipande kwa muda mrefu, sasa naandika yote mahali pamoja.

Ngozi ya embe ni rojo la tunda lililopakwa kwenye trei na kukaushwa mpaka likawa shuka laini, unalolibandua, unalikata na kulikunja kama mkeka mdogo. Ya pera ni hivyohivyo. Wengi mnaoanza mnahangaika na sukari na ndimu, lakini karibu matatizo yote ninayoonyeshwa yanatokana na kitu kimoja, nacho ni unene wa rojo kwenye trei. Ukiupata unene, jua la Dodoma litakumalizia kazi kwa siku mbili. Ukiukosa, hakuna kiungo kitakachokuokoa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Maembe yawe yameiva vizuri lakini hayajaanza kuchacha. Mimi natumia dodo au bolibo kwa sababu nyama yake ni nyingi. Maembe madogo yenye nyuzi nyingi nayo yanafaa, ila utachuja zaidi. Ukiweza, katika kila maembe matano weka moja lililoiva kwa shida, ambalo bado ni gumu kidogo. Hilo linaongeza uchachu na kufanya ngozi ishikane.

Andaa ndimu au limau, sufuria, mwiko mrefu, chekeche, blenda (au kinu safi), jagi lenye alama za mililita, mizani ya jikoni na karatasi ya kuokea. Chukua pia mafuta ya kula kidogo.

Trei ziwe tambarare. Zangu ni fremu za mbao zenye sakafu ya ubao laini, urefu sentimita 60 na upana 40, nazitandika karatasi ya kuokea. Trei za chuma kisichoshika kutu au plastiki ya chakula ni nzuri pia. Usipake rojo moja kwa moja kwenye bati la kuezekea. Uchachu wa tunda unakula ile rangi ya fedha ya bati na kuiingiza kwenye chakula. Sufuria ya alumini itumie kuchemshia tu, usilaze rojo ndani yake.

Mwisho, neti ya kufunikia. Hapa nasema kwa msisitizo: usitumie chandarua chenye dawa, hata kikuukuu. Ile dawa imewekwa kuua mbu, si kitu cha kukaa juu ya chakula cha watoto. Nunua neti ya pazia isiyo na dawa, mita mbili zinatosha.

Chagua siku

Kwetu huku maembe yana tatizo la tarehe. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu na kikavu, lakini wakati maembe yanapojaa sokoni Majengo, Desemba na Januari, mvua nayo imeshaingia. Kwa hiyo mimi nafanya kazi kubwa Novemba, maembe ya mwanzo yanapofika. Bei iko juu kidogo, lakini jua ni kali, hewa ni kavu na usiku si wa unyevu. Ukikuta umeshaingia Desemba, chemsha rojo, liache lipoe, ligandishe kwenye friza, kisha usubiri zile siku za jua zinazokuja katikati ya mvua. Usianze kuanika siku ambayo mawingu yameanza kujikusanya asubuhi.

Hatua kwa hatua

1. Osha, menya, pata rojo. Osha maembe kabla ya kumenya, maana uchafu wa ganda unahamia kwenye kisu na kisu kinauingiza ndani. Kata nyama, kwangua kokwa, toa sehemu yoyote iliyopondeka au yenye harufu ya pombe. Saga mpaka lainike, kisha lipitishe kwenye chekeche. Nyuzi zikibaki, ngozi itachanika kwa kufuata nyuzi badala ya kukatika unapotaka.

Mapera usiyasage mabichi. Yaoshe, kata ncha zote mbili, yakate vipande, weka kikombe kimoja cha maji kwa kila kilo moja, chemsha dakika 10 hadi 15 mpaka yalainike, kisha yasugue kwenye chekeche kwa mwiko. Rojo lipite, mbegu zibaki. Ukiziingiza mbegu kwenye blenda zitavunjika vipande vidogo visivyochujika, na ngozi yako itakuwa kama ina mchanga.

2. Ndimu na sukari. Kwa kila lita ya rojo weka vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu. Inalinda rangi na kuzuia vijidudu. Maembe yaliyoiva hayahitaji sukari. Kumbuka utamu wote wa lita moja unakwenda kubaki kwenye kipande kidogo, kwa hiyo rojo unaloona lina utamu wa kawaida litakuwa tamu sana likikauka. Mapera yana utamu mdogo, hayo yaongezee gramu 50 hadi 100 kwa kila kilo ya rojo. Usizidishe, maana sukari nyingi huvuta unyevu na ngozi haiachi kunata.

3. Chemsha. Moto wa wastani, koroga bila kuacha, hasa chini. Rojo zito la embe hurusha matone ya moto, ndiyo maana nimesema mwiko mrefu. Likianza kububujika kila mahali, punguza moto na lihesabie dakika tano. Hatua hii inaua vijidudu vinavyochachusha na inazuia rojo lisigeuke kahawia. Wanaoiruka ndio wanaonipigia simu siku ya tatu. Chini ikishika moto, usikwangue. Hamishia rojo la juu kwenye chombo kingine na uache lile lililoungua palepale.

4. Sawazisha meza. Kabla ya kupaka, weka trei tupu mahali itakapokaa, mimina kikombe cha maji, uangalie yanakimbilia wapi. Yakikusanyika upande mmoja, ingiza kipande cha ubao chini ya mguu wa meza. Trei ikiinama kwa milimita chache tu, rojo litashuka lote upande huo, na utakuwa na ngozi iliyopasuka upande mmoja na mbichi upande mwingine, kwenye trei hiyohiyo. Kausha maji, tandika karatasi, paka mafuta kwa kidole, kidogo sana.

Miguu ya meza ikae kwenye makopo yenye maji. Sisimizi wa Novemba hawana mchezo.

5. Pima, ndipo upake. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usikadirie unene kwa macho. Rojo linavimba katikati na kudanganya. Pima kwa ujazo.

Lita moja ya rojo ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba inatoa unene wa milimita 1. Sisi tunataka milimita 5. Kwa hiyo zidisha urefu wa trei kwa upana wake kwa sentimita, kisha gawanya kwa mbili. Unachopata ni mililita za rojo kwa trei hiyo. Trei yangu ni 60 kwa 40, yaani 2,400. Nusu yake ni 1,200. Basi napima lita 1.2 kwenye jagi, namimina katikati, sigusi tena jagi.

Sukuma rojo kwa mwiko bapa kutoka katikati kwenda pembeni. Pembeni paache pawe pazito kidogo kuliko katikati, kwa sababu ukingo hupigwa na upepo na kukauka kwanza. Shika trei kwa mikono miwili, itingishe taratibu na uigonge chini mara mbili au tatu ili mapovu yatoke. Kuhakikisha, chukua kijiti cha meno, kikwaruze alama ya milimita 5 kwa kisu, kisimamishe mahali panne tofauti uone rojo linafika wapi.

Mapera yapake yangali ya moto. Yana asili ya kuganda, yakipoa yanakuwa mabonge yasiyosawazika.

Msimu wangu wa kwanza nilipaka karibu sentimita nzima, nikiona nitamaliza rojo lote kwa trei mbili. Jirani yangu alikuja jioni akabonyeza juu, akaniambia, "Dada, hii si imekauka tayari?" Juu kweli palikuwa pakavu, tena panang'aa. Asubuhi ya tatu nilipoibandua, chini palikuwa na rojo bichi lenye mapovu, limechacha. Nilimwaga kilo nane za maembe. Ukoko wa juu ulikuwa umewahi kukauka ukafungia maji ndani, na hayakuwa na pa kutokea.

Ukipaka chini ya milimita 3 nako kuna hasara yake. Inakauka haraka, lakini inashikana na karatasi, inachanika ukibandua na inavunjika kama chipsi.

6. Anika. Toa trei saa mbili asubuhi, zikae juu ya meza mbali na barabara na mbali na banda la mifugo. Neti iwe imeinuliwa kwa vijiti isiguse rojo. Vumbi la Dodoma ndilo adui mkubwa kuliko nzi, kwa hiyo kama una fundi wa kukutengenezea kaushio la jua, yaani sanduku la mbao lenye mfuniko wa nailoni angavu na matundu ya hewa yenye neti chini na juu, gharama yake inarudi. Humo ndani rojo linakauka bila vumbi. Matundu yasizibwe. Joto bila hewa kupita linapika rojo, halilikaushi.

Ukiwa na oveni au mashine ya kukaushia, weka nyuzi joto 60 na usipandishe, mlango wa oveni ukae wazi kidogo. Hesabu saa sita hadi kumi. Kuongeza moto ili umalize mapema ndiko kunakoleta ule ukoko niliousema.

Saa kumi na moja jioni anua. Usiache trei nje usiku hata kama mbingu ni nyeupe. Zipange ndani, zifunike kwa kitambaa safi, uzirudishe kesho yake jua likishapasha.

7. Jua imekauka lini. Bonyeza katikati ya trei kwa kidole, si pembeni. Kidole kisiache shimo wala kisitoke na unyevu. Inua kona moja, uiangalie dhidi ya mwanga. Ngozi iliyokamilika inapitisha mwanga sawasawa kama kioo cha rangi ya chungwa. Doa lolote lenye giza au ukungu ukungu wa rangi ya maziwa bado lina maji. Kisha ikunje. Ikunjike bila kupasuka.

Mizani inasema ukweli kuliko kidole. Nichukue kazi yangu ya Novemba iliyopita. Kilo 10 za dodo zilinipa kilo tano na nusu za rojo. Nilijaza trei nne za lita 1.2 na kilichobaki tukanywa juisi. Trei tupu na karatasi yake niliipima kwanza nikaandika uzito kwa penseli ubavuni. Rojo la trei moja lilikuwa kilo 1.25. Jioni ya siku ya kwanza lilikuwa limebaki kama nusu kilo, linabonyea na kunata. Siku ya pili maji yalitoka polepole zaidi, kama ilivyo kawaida, na saa nane mchana mizani ikasoma gramu 250, kutoa uzito wa trei. Hiyo ni moja ya tano ya uzito wa mwanzo, na kwa embe hapo ndipo pa kusimama. Ikibaki robo ya uzito, bado. Ikishuka chini ya moja ya sita, umeikausha kupita kiasi. Rojo la pera lina maji zaidi, hilo linashuka chini ya moja ya tano, kwa hiyo amini zaidi kidole na mwanga.

8. Bandua na kata. Bandua ikiwa bado na uvuguvugu, ikipoa kabisa inang'ang'ania karatasi. Iache ipoe kivulini nusu saa. Kata kwa mkasi uliopakwa mafuta, vipande vya sentimita 10 kwa 15, kila kimoja kikunje ndani ya karatasi yake ya kuokea. Ukitaka kupunguza kunata, pitisha konflawa kidogo sana kwa kitambaa kikavu.

9. Hifadhi. Usifungashe ngozi yenye joto. Mvuke wake utageuka matone ndani ya chombo na ukungu utaanzia hapo.

Weka vipande kwenye mtungi wa kioo wenye mfuniko unaobana, uuache mahali unapouona kwa siku mbili. Ukiona jasho kwenye kioo, toa zote urudishe juani kwa saa mbili au tatu. Kioo kikibaki kikavu, hamishia kwenye vifungashio vinavyozibwa kwa joto au ubakize kwenye mtungi, uandike tarehe, uweke kabatini penye giza na ubaridi. Juu ya friji si mahali pazuri, pana joto. Hivyo inakaa mwezi mmoja bila wasiwasi. Ukitaka ikae zaidi, iweke kwenye friji, au friza ambako inafika mwaka. Wakati wa masika fungua mtungi mara chache, kwa sababu ngozi inanyonya unyevu wa hewa.

Kwa wanaotaka kuuza madukani, hesabu ya mwezi mmoja ni ya nyumbani. Bidhaa ya dukani inahitaji usajili wa TBS, na SIDO wanatoa mafunzo ya usindikaji. Anzia huko kabla ya kuchapisha lebo.

Ikiharibika, angalia hapa

*Inanata baada ya siku mbili za jua kali.* Kama ulizidisha sukari, hakuna dawa, igawe vipande na uile mapema. Kama hukuzidisha, bandua, igeuze upande wa chini uangalie jua kwa saa tatu. Chini ndiko maji yalikojificha.

*Imepasuka au inavunjika.* Ilikuwa nyembamba au imekaa juani kupita kiasi. Ifungie kwenye mtungi pamoja na kipande cha embe bichi kwa usiku mmoja tu, asubuhi toa lile embe. Ikikataa kulainika, ivunje uchanganye kwenye uji.

*Pembeni pamekauka, katikati ni pabichi.* Kata ule ukingo wote uuondoe, urudishe katikati juani. Safari ijayo pembeni paache pazito.

*Imekuwa nyeusi.* Ulichelewa kati ya kusaga na kuchemsha, au hukuweka ndimu, au chini ya sufuria paliungua. Iliyochelewa tu inalika, ila sura imekwenda. Iliyoungua ina uchungu na haifichiki.

*Mvua imekuja siku ya kwanza jioni, na kesho yake hakuna jua.* Usisubiri. Ingiza kwenye oveni nyuzi joto 60. Kama huna oveni, kwangua rojo lote kutoka kwenye trei siku hiyohiyo, likiwa halijanuka, lichemshe tena dakika tano na ulitie friza. Likishakaa usiku wa pili likiwa bichi na lina harufu ya pombe au mapovu, limwage.

*Kuna madoa meupe au ya kijani.* Kijani, nyeusi au yenye manyoya ni ukungu. Tupa kipande chote na vyote vilivyogusana nacho, usikwangue doa ukala kilichobaki. Meupe magumu yanayong'aa na kuvunjika kwenye meno ni sukari iliyoganda, hayo hayana neno. Ukishindwa kutofautisha, weka doa kwenye tone la maji ya moto. Sukari inayeyuka. Lisipoyeyuka, tupa.